Mwezi Nilioruka Swali la Pili

Baba yangu alinunua na kuuza mazao kwa zaidi ya miaka thelathini. Macho yake yalipofunikwa na mtoto wa jicho, mie nikawa msomaji wake. Nilikuwa nimerudi nyumbani Temeke baada ya mume wangu kunipa talaka, sina mtoto, umri wangu miaka ishirini na mitano, na nilikuwa nimesoma hadi darasa la sita, jambo ambalo kwa binti wa mtaa wetu siku za Mwingereza halikuwa dogo. Baba alisema Mungu amenirudisha kwa sababu. Mie sikuiona sababu hiyo, lakini nilifurahi kuwa na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa daftari. Baba alishughulika na vitu vinne tu: mbata, ufuta, korosho, na nta ya nyuki iliyoshuka kwa gari moshi kutoka bara. Alikuwa amepanga ghala la mabati upande wa Chang'ombe. Fedha hazikuwa zake peke yake. Sehemu ilikuwa ya shangazi, dada yake mkubwa, mjane aliyekuwa na shamba la minazi Mbagala. Kaka yangu, mkubwa kwangu kwa miaka minne, ndiye aliyekwenda mjini kila siku ya mwisho wa mwezi kuuliza bei kwa wenye maduka makubwa ya mazao. Akirudi, ananitajia bei nne, naandika. Halafu baba, ameketi barazani na miguu ameinyoosha juu ya mkeka, ananiuliza maswali mawili.

Swali la kwanza: nani yuko mbele?

Hapo nilitakiwa kuchukua bei ya leo ya kila kitu na kuilinganisha na bei ya mwezi kama huu mwaka uliopita. Siku za mwanzo nilimuuliza kwa nini tusilinganishe na mwezi jana tu, iwe rahisi.

"Ukifanya hivyo utakuwa unalinganisha masika na kiangazi," alisema. "Bei ya ufuta kila mwaka hushuka wakati wa mavuno. Hiyo siyo habari. Mie nataka kujua mwaka mzima umeipeleka bei wapi."

Na hakutaka kusikia shilingi zilizoongezeka. Alitaka kila shilingi mia zimekuwa ngapi. Siku moja nilimwambia nta imeongoza kwa sababu imepanda shilingi nane na korosho imepanda tano tu. Akacheka. "Nta ilikuwa themanini, korosho ilikuwa ishirini. Haya, piga hesabu tena." Nikapiga. Nta ilikuwa imeongeza kumi kwa mia, korosho ishirini na tano kwa mia. Korosho ndiyo iliyokuwa mbele, na mbele sana.

Kitu kilichoongoza ndicho tulichokishika. Kama tulikuwa nacho tayari, tunatulia. Kama kimepitwa na kingine, tunauza na kuhamia huko. Baba hakufanya jambo katikati ya mwezi hata watu waje na habari gani.

Lakini kabla ya kununua lilikuja swali la pili: huyo aliye mbele, je, ameipita posta?

Posta ilimpa aliyeweka akiba yake huko shilingi mbili na nusu kwa mia kwa mwaka. Baba hakula riba. Kila alipopewa alimpa maskini wa kwanza aliyemkuta njiani, bila hata kumwambia zimetoka wapi. Ila aliitumia kama kipimo. Kama kinachoongoza hakikuipita posta kwa mwaka mzima, hatukushika kitu. Tuliuza chote, fedha zikalala posta, ghala likafagiliwa na kufungwa, na tukasubiri mwisho wa mwezi mwingine tuulize tena.

Nilimuuliza swali hili la pili alilitoa wapi. Aliniambia kwamba katika ile miaka ya bei kuanguka dunia nzima, mie nikiwa mtoto mdogo, alikuwa na swali la kwanza peke yake. Kila mwezi alishika kilicho bora. Ghala lilikuwa jingine, kubwa kuliko hili. "Nilikuwa na aliye wa kwanza siku zote," alisema, "na wote walikuwa wanarudi kinyumenyume. Mie nilishika yule anayerudi taratibu. Nilirudi naye mpaka nyumbani."

Sasa niseme pia upande wa pili, maana kaka yangu hakuwa mjinga wala mwizi, na sitaki afikiriwe hivyo. Kanuni ile ilituumiza kabla ya kutufaa. Mwaka wangu wa kwanza na daftari, vitu vyote vinne vilikuwa chini ya posta kwa kiasi kidogo. Tukauza. Miezi mitatu baadaye bei zilikuwa zimeruka na ufuta umeipita posta mbali, ikabidi tununue kwa bei ya juu kuliko tuliyouzia. Wapagazi walilipwa mara mbili, magunia yalinunuliwa upya. Kaka alikuwa amechumbia binti wa Kariakoo, na harusi ikaahirishwa kwa sababu hiyo tu.

"Tumeuza rahisi, tumenunua ghali," alisema mbele ya baba. "Mtoto mdogo asingefanya hivyo."

"Ndiyo ada yake," baba alijibu. "Mara nyingine utalipa bure. Hujui mara ipi ni ya bure."

Kaka akatoka nje. Nakumbuka nilimhurumia yeye kuliko baba.

Halafu vikaja vita vya Korea, na bei zikapanda kama watu walivyosimulia miaka mingi baadaye. Tulikuwa tumeshika ufuta, tulioununua kwa shilingi arobaini na mbili gunia, ukafika sabini. Makuti yalishuka, bati likapanda juu ya nyumba yetu, na mvua ya kwanza ilipopiga hatukuweza kusikilizana. Shangazi alinunua kanga doti sita kwa mpigo na kuzigawa zote. Harusi ya kaka ikapangwa upya.

Ufuta ulipoanza kushuka kutoka sabini, kaka alitaka tuuze palepale. Baba akakataa. Bei ya leo bado ilikuwa juu ya bei ya mwaka jana, juu ya posta, na ufuta bado ulikuwa mbele ya wenzake. Tukaketi. Ukawa sitini na tano, ukawa sitini. Kanuni ya baba haikujua kilele. Ilichelewa kutoka kama ilivyochelewa kuingia, na baba alilijua hilo na hakulificha. Lakini kwa kaka ilikuwa mara ya pili baba kumwonyesha kwamba hana sauti, na safari hii alikuwa na haki ya kusema aliona mapema.

Katikati ya siku hizo baba alianguka chooni. Tulimkuta mkono na mguu wa kushoto haviitiki. Alikaa hospitali ya mjini wiki tatu, wakamrudisha akiwa anaongea kwa shida, neno moja moja, lakini akili yake nzima. Nasisitiza hilo. Akili yake ilikuwa nzima.

Mwisho wa mwezi ule kaka alirudi na bei. Nilikaa jikoni kuziandika kwa sababu baba alikuwa amelala. Ufuta hamsini na tano, mwaka uliopita mwezi kama ule ulikuwa sitini na tatu: umepungua karibu kumi na tatu kwa mia. Mbata thelathini na nne, ilikuwa arobaini: imepungua kumi na tano. Korosho ishirini, ilikuwa ishirini na tano: imepungua ishirini. Nta sabini na sita, ilikuwa themanini: imepungua tano.

Kaka alichungulia begani kwangu. "Nta iko mbele."

"Nta imeshuka, kaka."

"Imeshuka kidogo kuliko wote. Swali la kwanza ni nani yuko mbele. Nta."

"Na la pili?"

Hakupandisha sauti. Natamani angepandisha. Alichuchumaa karibu na mafiga akaniambia, "Unakumbuka mara ile? Tulikwenda posta, miezi mitatu tukaumia. Harusi yangu iliahirishwa kwa ajili ya posta. Wazee wa yule binti wanasema nikiahirisha tena watamwoza mwingine. Na fikiria baba. Mtu amelala pale, nusu yake imekufa. Utamwambia kila kitu alichonacho kinaanguka? Utamuua kwa mkono wako."

Nilitazama zile tarakimu. Tano kwa mia. Nikajiambia ni kidogo, mwezi ujao itakuwa imerudi juu ya posta, na mie nitakuwa nimemwepusha mgonjwa na huzuni ya bure. Hakuna aliyenishika mkono.

Baba alipoamka alisema, "Bei."

Nikamsomea. Ufuta nilimsomea sawasawa kwamba umeshuka. Nta nikasema themanini na sita.

Akapiga hesabu. Midomo yake ilikuwa imepinda, lakini niliona ikicheza. "Saba na nusu," alisema. "Nta." Akapumua. "Posta?"

"Imepita, baba."

"Alhamdulillahi," akasema, na akalala tena.

Ufuta ukauzwa kwa hamsini na tano. Hapo, kama tungekwenda posta, bado tungekuwa mbele ya tulipoanzia, mbele kwa karibu theluthi. Kile kilele tungekuwa tumekikosa, ndiyo, lakini bati lingebaki juu ya nyumba, na shangazi angebaki na shamba. Badala yake tulinunua nta, vipande vya manjano vya mviringo vilivyonukia asali ghala zima.

Mwezi uliofuata nta ilikuwa sabini na moja. Ilikuwa bado ya kwanza, maana wenzake walianguka zaidi. Mwezi wa tatu sitini na sita, ya kwanza. Ukilisoma daftari kwa swali moja tu, tulikuwa hatujakosea hata mara moja. Kila mwezi tulishika kilicho bora, na kila mwezi ardhi chini ya miguu yetu ilimeguka kidogo zaidi. Mie nilimsomea baba themanini na nane, kisha tisini na moja. Nilikuwa na kurasa mbili sasa: moja ya kweli, niliyoiandika kwa penseli nyuma ya daftari, na moja ya kumsomea. Uongo ulihitaji hesabu nyingi kuliko ukweli, kwa sababu baba alikumbuka bei za mwaka jana zote kichwani, na kila niliyoibuni ilibidi ikae sawa na zile.

Harusi ya kaka ilifanyika. Nilipika pilau na kupiga vigelegele kama wengine.

Wiki mbili baada ya harusi shangazi alikuja kutoka Mbagala na kaka akiwa naye. Aliketi kitandani kwa baba, wakasalimiana, akamkanda mguu. Kisha akanifuata uani nilikokuwa nafua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaka yako ananiambia niuze shamba, fedha ziingie kwenye nta. Anasema nta imeongoza miezi mitatu, na kwamba sasa ni wakati wa kuongeza. Mie sijui kusoma. Kaka yako namjua tangu anazaliwa, ana pupa. Ndiyo maana nimekuja kwako." Alinishika kidevu kwa vidole vyake, povu likiwa bado mikononi mwangu. "Wewe ndiye unayeandika. Imeongoza?"

"Imeongoza."

"Na posta imeipita?"

Alilijua swali la pili. Baba alikuwa amemfundisha, naye hajui hata kuandika jina lake. Kaka alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani. Nyuma yake, chumbani, baba alikuwa macho, na dirisha lilikuwa wazi. Nikisema haijapita, baba atasikia. Nikisema haijapita, miezi mitatu yote itafunuka.

"Imepita, shangazi," nilisema.

Akaniachia kidevu. "Basi sawa," akasema. Akaenda kuuza shamba.

Ilikuwa Iddi Mosi ukweli ulipoingia nyumbani. Mzee mmoja aliyekuwa mpima mizani mjini, rafiki wa baba tangu ujana wao, alikuja kumpa mkono wa Iddi. Nilimletea kahawa na kaimati. Mzee akawa anamsimulia baba habari za mjini ili kumchangamsha: fulani amefunga duka, fulani amerudi kwao, "na nta, bwana, jana nimepima nta ya watu kwa hamsini na nane, mwenyewe analia."

Baba hakujibu. Mzee alifikiri hajasikia, akarudia. Baba akauliza, "Ngapi?"

"Hamsini na nane."

Kutoka pale nilipokuwa nimesimama niliona mkono wake wa kulia ukisogea juu ya shuka, vidole vikihesabu. Mgeni alipoondoka, baba aliniita. Hakuniuliza kwa nini. Alisema, "Soma. Kweli."

Nikafungua nyuma ya daftari, nikasoma zile za penseli. Mwezi kwa mwezi. Yeye alitaja kila jibu kabla yangu, taratibu, kwa ule mdomo uliopinda: kasoro tano. Kasoro kumi na nne. Tulipofika mwisho alisema, "Nimeshukuru Mungu. Miezi minne. Kwa uongo."

Nilimwangukia miguuni. Mguu niliouangukia ulikuwa ule usiohisi kitu.

"Uzeni," akasema. "Leo."

Siku ya Iddi maghala yalikuwa yamefungwa, na kesho yake kaka akakataa. Alisema hamsini na nane ni bei ya kutupa, sasa haiwezi kushuka tena, asubiri irudi hata sitini na tano afidie ya shangazi. Ufunguo wa ghala ulikuwa kwake. Baba hakuweza kusimama, na mie nilikuwa nimepoteza haki ya kusema neno. Kila asubuhi baba aliniuliza, "Wameuza?" Nilijibu, "Bado, baba." Hilo lilikuwa jibu la kweli, na aliliuliza kila asubuhi kwa siku kumi na tisa. Siku ya ishirini hakuamka.

Kaka aliuza baada ya arobaini ya baba, kwa shilingi arobaini na moja. Tulikuwa tumenunua kwa sabini na sita, na ya shangazi kwa sitini na sita. Mnunuzi alikata pia uzito, akisema nta ina takataka, na hakuna aliyebishana naye. Bati likashushwa juu ya nyumba likauzwa, tukaezeka makuti. Kaka alimpeleka mkewe kwao Kariakoo, yeye akapanda gari kwenda Tanga kutafuta kazi kwenye mkonge. Barua iliyofika ilikuwa moja. Aliandika kwamba yuko salama na kwamba tusimwandikie.

Watu waliotaka kunifariji wameniambia ni bei za dunia, hata kanuni isingezuia. Si kweli, na mie ndiye ninayejua. Nililipitia daftari lote, lile la penseli, baada ya msiba. Kuanzia mwezi ule wa kwanza jikoni, hapakuwa na mwisho wa mwezi hata mmoja kitu chochote kilipoipita posta. Jibu lilikuwa moja kila mara, toka, kaa nje, na lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wangu.

Shamba la Mbagala lilikatwa viwanja. Shangazi alihamia kwetu na sanduku moja na mkeka. Hakuwahi kuniuliza. Nilingoja aniulize mwaka wa kwanza, na wa pili, nikiwa nimeandaa cha kusema, hata maneno ya kuanzia. Tulilala kitanda kimoja, tukauza vitumbua asubuhi mbele ya nyumba, yeye akimimina, mie nikigeuza, na mteja akitoa sarafu yeye alikuwa akisema, "Mpe huyu, ndiye anayejua hesabu." Hakusema kwa kejeli. Nilimtazama usoni mara nyingi kutafuta kejeli, na haikuwapo.